Kifundo Kinapouma, Raketi Nzito Hulaumiwa Bure

Miongoni mwetu tunaocheza pikoboli, mchezo wa raketi ngumu na mpira wa plastiki wenye matundu, hapa Mtwara, anayelalamikia kifundo cha mkono hushauriwa mara moja atafute raketi nyepesi. Ushauri huo una msingi. Raketi ya gramu 250 huchelewa kugeuka mpira unaporudi kwa kasi karibu na wavu, na baada ya saa mbili za mchezo bega na mkono huanza kuulipia uzito huo. Mwenye jeraha la bega ana haki ya kuiogopa.

Hata hivyo, raketi nyepesi ina gharama ambayo haitajwi. Mpira ukigonga pembeni badala ya katikati, uso wa raketi hupinduka kirahisi, na kinachouzuia usipinduke ni vidole vinavyoukaba mpini. Tena, kwa kuwa raketi yenyewe inausukuma mpira kidogo tu, mchezaji hulazimika kuuongezea nguvu kwa kuchapa kifundo. Mpini ukiwa mwembamba, na kiganja kimelowa jasho la pwani yetu, mkabo huo huzidi.

Mwalimu mmoja wa Shangani alikuwa na raketi ya gramu 205, yenye mpini wa mzingo wa sentimita 10.2. Tulimpima kwa njia ya kawaida: aushike mpini, kisha apenyeze kidole cha shahada cha mkono wa pili kati ya ncha za vidole na kiganja. Hakikupenya, ncha zilikuwa zimegusa nyama ya kiganja: mpini ulikuwa mwembamba mno kwake. Tulizungushia mpini utepe mmoja wa kuviringisha, ambao hunenepesha kidogo na kufyonza jasho, kisha tukabandika gramu tatu za utepe wa madini ya risasi kila upande wa uso, kwenye saa tatu na saa tisa (hapa saa ya Kiswahili na ya Kizungu hazigombani). Pamoja na uzito wa utepe wa mpini, raketi ikafika takriban gramu 216. Siku za kwanza alichelewa kwenye wavu. Baadaye aliacha kuukaba mpini, na maumivu yakapungua, ingawa mipira yake ya kuzungusha ilipungua makali, kwa sababu mpini mnene huzuia kifundo kucheza.

Malighafi nayo ina sehemu yake, lakini ndogo kuliko wauzaji wanavyodai. Uso wa faibaglasi hurusha mpira kwa nguvu zaidi, wa nyuzi za kaboni hutoa udhibiti, na kiini cha sega la plastiki chenye unene wa milimita 16 hupokea mshtuko kwa upole kuliko cha 13.

Kwa hiyo ningeanza na mpini, tena mwembamba kidogo, kwa kuwa kuunenepesha ni kazi ya utepe na kuupunguza karibu haiwezekani. Kisha ningeongeza uzito gramu mbili mbili, na kusimama pale mkono unapoanza kuchelewa kwenye wavu.