Mazoezi Yamehama, Lakini Yamehamia Wapi?

Mimi ni mwimba besi. Kwa haki kabisa kazi yangu ingeishia hapo: kusimama mstari wa nyuma, kunguruma zile noti za chini, kisha kwenda zangu nyumbani. Lakini siku ya uchaguzi nilitoka nje kupokea simu, na niliporudi nikakuta napigiwa makofi. Nimekuwa katibu. Tangu hapo, chochote kikihama katika kwaya yetu hii ya Busia, upande huu wa Uganda, anayesumbuliwa ni mimi.

Sasa sikilizeni. Mazoezi yetu ni Jumamosi saa kumi jioni, ukumbi wa kanisa. Alhamisi tuna yale mazoezi madogo, na Alhamisi hiyo mvua ilinyesha, kwa hiyo wengi hawakuja. Mwalimu wa kwaya akatuambia sisi wachache kwamba Jumamosi ukumbi umechukuliwa na arusi, kwa hiyo tutaimbia darasani, kwenye shule ya msingi upande wa Sofia, saa nane mchana. Tukaitikia, "Sawa, Mwalimu." Alitamka vizuri, tena mara mbili. Mwalimu wetu ni fundi mkubwa wa kuwatangazia watu waliopo.

Wasiokuwepo ndio wenye kesi. Usiku, kwenye saa tatu hivi, akatuma hili kwenye kundi la wasapu:

"Wapendwa, mazoezi ya kesho kutwa yamehamishwa. Tukutane saa 2 pale shuleni. Msichelewe. Mbarikiwe."

Nikausoma ujumbe huo nikaweka sahani chini. Kwanza, "kesho kutwa". Aliyesoma usiku uleule anajua ni Jumamosi. Lakini nusu ya kwaya hii haifungui data usiku. Ule ushuru wa mitandao wa mwaka 2018, shilingi 200 kwa siku, uliwafundisha watu kuishi na data imezimwa. Mwaka 2021 ukaondolewa, ikawekwa asilimia 12 juu ya data yenyewe, na tabia ya kuzima ikabaki palepale. Mtu wa namna hiyo anafungua simu Ijumaa mchana, anasoma "kesho kutwa", anahesabu vidole, anapata Jumapili. Hana kosa, hesabu yake ni sahihi.

Pili, "saa 2". Mwalimu alitazama simu yake, ikamwandikia 2:00, naye akanakili. Sisi huku tunahesabu saa kuanzia macheo, ukisema Kiswahili au Kiganda ni mamoja, kwa hiyo saa 2 ni asubuhi, watoto wakienda shule. Wale waliosoma Kizungu sana wakaelewa mchana. Kwaya moja, ujumbe mmoja, na tofauti ya saa sita nzima kati ya soprano na tena.

Tatu, "pale shuleni". Pale wapi? Busia hii ukirusha jiwe litaangukia kwenye shule.

Nikampigia palepale. Akasema, "Usijali, Katibu, nasahihisha sasa hivi." Na kweli, wasapu inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, akauhariri. Akaandika Jumamosi, akaandika saa 8 mchana, akaandika Sofia, akalala usingizi wa mwenye haki. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, kwa sababu ujumbe ukihaririwa simu za wengine hazilii. Aliyekwisha kusoma ule wa kwanza hana habari kwamba umebadilika, na hana sababu ya kurudi kuutazama. Tena kiongozi wa alto alikwisha kuutuma ule wa zamani kwa watu wake walio upande wa Kenya, na nakala iliyokwisha kutumwa haihaririki. Kwa hiyo sasa tulikuwa na matangazo mawili yanayotembea mjini, yote yameandikwa "Mbarikiwe".

Ijumaa asubuhi, kabla ya kuandika neno lolote, nikaenda Sofia kumtafuta mwenye ufunguo wa darasa. Watu wananicheka kwa hili. Lakini nimeona kwaya nzima ikisimama chini ya mwembe na mavazi yake kwa sababu mahali palitangazwa kabla ya kuulizwa. Mwalimu wa zamu akaniambia darasa lipo, ufunguo atauacha kwa askari wa getini, ila umeme haupo. Hilo nalo ni tangazo, ndugu zangu! Kinanda chetu ni cha umeme. Mpiga kinanda anakibeba mgongoni mwa bodaboda, analipia nauli ya mtu na ya mzigo. Ukimwacha asafiri hivyo hadi kwenye darasa lisilo na soketi, usishangae Jumapili vidole vyake vikiuma. Kwa hiyo yeye nikampigia wa kwanza, akashukuru mpaka nikaona aibu. Mwalimu atatoa ufunguo wa wimbo kwa mdomo, kama alivyofanya miaka yote kabla hatujanunua hicho kinanda.

Ndipo nikaandika, ujumbe mpya kabisa, siyo kuhariri:

"Tangazo la Ijumaa asubuhi, tarehe 13. La jana usiku lisifuatwe. Mazoezi ya Jumamosi tarehe 14 HAYAKO ukumbini na SIYO saa kumi. Yako shule ya msingi ya Sofia, darasa la mwisho karibu na tangi la maji, saa nane mchana, ile ambayo simu inaandika 2:00 PM. Tunamaliza saa kumi na moja. Hakuna umeme, kila mtu aje na daftari lake la solfa. Ni Jumamosi hii tu, tarehe 21 tunarudi ukumbini saa kumi kama kawaida. Jibu kwa kuandika sauti yako, mahali na saa."

Mnaona nilivyoweka siku ya kuandika ndani ya maneno yenyewe? Ujumbe ukitumwa tena na mtu mwingine unaonyesha saa aliyoutuma yeye, siyo saa niliyoandika mimi. Ule wa zamani wa Mwalimu ukitumwa Ijumaa jioni utaonekana mpya kuliko wangu. Na nimetaja mahali pa zamani na saa ya zamani makusudi, kwa sababu anayesoma harakaharaka anatafuta kitu anachokijua. Asipoliona neno "ukumbini" atadhani hilo ni tangazo la kundi jingine.

Mnadhani walijibu nilivyoomba? "Amina." "Amina sana." Mikono ya kuomba, minne mfululizo. Mmoja akaandika, "Ubarikiwe Katibu kwa kutujali." Jamani, amina inaitikia sala! Tangazo linaitikiwa na saa! Mtu anaweza kusema amina bila kusoma hata mstari wa kwanza, na kwaya yetu ina mabingwa wa hilo.

Nikabonyeza ule ujumbe nikauangalia undani wake, maana kwenye kundi vile vitiki viwili havitokei mpaka simu ya mwisho ipokee. Hapo ndipo unawaona kwa majina: hawa wamesoma, hawa umewafikia lakini hawajafungua, na hawa hawamo popote, simu zao zimelala. Hao wasiomo ndio orodha yangu ya kupiga simu. Nikawagawia viongozi wa sauti, kila mmoja na watu wake, nikabaki na wale wasio na simu za kuperuzi. Hapo nikakutana na Jaja wa soprano.

"Jaja, mazoezi ya kesho ni Sofia, shuleni, saa nane mchana."

"Eee, nimesikia, mwanangu."

"Basi niambie, ni wapi?"

"Si umeniambia sasa hivi?"

"Ndiyo, Jaja, lakini nataka uniambie wewe."

"Kwani wewe hupajui?"

"Napajua, Jaja."

"Sasa unaniuliza nini? Umemaliza pesa za simu za nani?"

Mwishoni akasema, kwa hasira, "Ukumbini, saa kumi, kama siku zote!" Mnaona sasa? Ningekata simu kwenye "nimesikia", Jaja angekaa kwenye arusi ya watu akisubiri zamu yake ya kuimba. Tukarudia mpaka akaitaja Sofia kwa sauti ya kwanza, juu kabisa.

Bado kulikuwa na wale ambao hakuna aliyewapata, hasa kijana mmoja wa tena ambaye simu yake huwa inaazimwa na dada yake. Mtu kama huyo hutamfikia nyumbani, unamngojea pale atakapokosea. Karatasi niliibandika mlangoni pa ukumbi Ijumaa jioni, lakini nawajua wapambaji wa arusi: asubuhi ilikuwa imeshafunikwa na kitambaa cha zambarau na maua ya plastiki. Ndiyo maana nilipita pia kwenye stegi ya boda iliyo mbele ya ukumbi, nikamwambia mwenyekiti wa stegi, "Ukiona mtu na daftari la nyimbo, mwambie kwaya iko Sofia, shuleni." Karatasi haina faida yoyote kukusaidia, lakini boda akikusaidia anapata abiria. Yule kijana alifika saa nane na nusu, amebebwa, analalamika nauli. Akasimama kwenye tena, tukaanza.

Niseme ukweli, darasani tuliimba vizuri. Sauti zote nne zilikuwepo, na Mwalimu aliandika solfa ubaoni kwa chaki, akasema hajui kwa nini watu huwa wanafanya mambo ya kutangaza kuwa magumu. Sikumjibu. Besi huwa hatujibu, tunashikilia noti.

Lakini kuna mama mmoja wa alto, mwenye moyo mzuri kuliko wote, ambaye aliona tangazo langu ni refu. Akawasaidia wenzake kwa kulipunguza kabla ya kulituma mbele. Alibakiza Sofia, akabakiza darasa, akabakiza saa nane. Akakata lile la Jumamosi hii tu.

Jumamosi ya tarehe 21, saa nane na robo, nimelala zangu kidogo kabla ya kwenda ukumbini, simu ikalia. "Katibu, tumefika tuko alto peke yetu. Huyu askari anasema hana ufunguo na hatujui. Ninyi mko wapi?"

Nikamwambia asogee barabarani achukue boda.

"Nauli analipa nani?" akauliza.