Aliyekupa ufunguo si mwenye nyumba

Tuliohamia Ujerumani tunapenda kuwasimulia walioko nyumbani kwamba huku mpangaji analindwa. Ni kweli, ila anayelindwa hivyo ni mpangaji aliyesaini na mwenye nyumba mwenyewe. Anayechukua chumba kwa mpangaji mwenzake, na ndiko wageni wengi tunakoanzia, yuko karibu zaidi na mtu aliyetoa kilemba Kariakoo akaachiwa fremu: fedha ametoa, ufunguo anao, lakini mwenye jengo hamjui.

Hata maneno ya mkataba yanafanana. Mikataba ya Dar es Salaam kwa kawaida inasema mpangaji haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 nayo inadai idhini hiyo ya maandishi, na papo hapo inamzuia mwenye mali kuikataa bila sababu ya maana. Sheria ya kiraia ya Ujerumani inaanzia hapohapo: kifungu cha 540 kinasema hakuna kumpangisha mwingine bila ruhusa.

Ila Wajerumani wanatofautisha chumba na nyumba nzima, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mpangaji anayebaki mwenyewe ndani na kutoa chumba kimoja anaweza kuidai ruhusa kama haki yake chini ya kifungu cha 553, mradi sababu yake imejitokeza baada ya kusaini mkataba: mwenzake amehama, au kipato kimepungua. Mwenye nyumba anaweza kukataa kama watu watajazana, au kama ana sababu nzito dhidi ya huyo anayeingia. Anayeondoka na kutoa nyumba nzima hana dai hilo. Akinyimwa, kwa kawaida anachopata ni nafasi ya kuvunja mkataba wake kwa notisi. Kwa hiyo ukiambiwa "nyumba yote ni yako kwa mwaka mmoja, mwenyewe hana neno", omba uione barua. Iwe na jina lako, kwa sababu ruhusa aliyopewa mpangaji wa chumba aliyekutangulia haikuhusu wewe.

Kuna dalili moja inayojitokeza mapema. Ukihamia Ujerumani unatakiwa kujiandikisha ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, ukiwa na karatasi iliyosainiwa na anayekupa makazi. Mtu akikwambia "kaa tu, ila usijiandikishe hapa", mara nyingi anaogopa jina lako lisimfikie mwenye nyumba. Bila usajili huo utakwama pia kwenye mambo ya kibali cha ukaazi.

Sasa chukua mfano. Nyumba ya Berlin kodi yake ni euro 1,100 kwa mwezi. Mpangaji mkuu anakupa chumba kwa 450, na amana ya 900. Wewe unalipa kila mwezi kupitia benki, yeye anaacha kulipa. Deni likifika miezi miwili, yaani euro 2,200, mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba mkuu papo hapo. Ukishavunjika, kifungu cha 546 kinamruhusu kukudai wewe pia utoke. Risiti zako hazimfungi, kwa kuwa hukumlipa yeye. Amana yako haiko kwake. Unabaki kumdai mpangaji mkuu euro 900 na gharama za kuhama, naye ndiye huyohuyo aliyeshindwa kulipa kodi.

Msomaji atauliza: basi barua ya ruhusa inasaidia nini, ikiwa nitatoka vilevile? Inakupa muda. Hukumu ya kumtoa mpangaji mkuu haitoshi kukutoa wewe uliye ndani ya chumba. Mwenye nyumba anahitaji amri inayokutaja. Kama alikujua tangu mwanzo, anatakiwa akushtaki pamoja naye, na unapata nafasi ya kusikilizwa, kutafuta kwingine, hata kumwomba mkataba wa moja kwa moja. Kama alikuwa hajui kwamba upo, sheria ya mwenendo wa madai, kifungu cha 940a, inamwezesha kuomba amri ya haraka dhidi yako baada ya kushinda kesi ya kwanza. Kujificha, ambako mpangaji mkuu alikusihi kuwe siri yenu, ndiko kunakukosesha muda huo.

Pale Ujerumani inapotuzidi kweli ni kwenye ulipaji. Kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, na amana ya makazi haitakiwi kuzidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma, hivyo hasara ina ukomo. Dar mtu anaweza kutoa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mpangaji anayehama, kisha mwenye nyumba anabisha hodi mwezi wa pili na kusema hamjui. Ndugu anayetaka kuingia kwa njia hiyo amtafute kwanza mwenye nyumba, asaini na wote wawili karatasi moja, na fedha zitoke siku hiyohiyo, mbele yao wote.