Kuongeza ese ao kukata shauri: magazinie na miezi yake 3

"Magazinie wangu anamaliza ese ya miezi 3 mwisho wa mwezi. Haiko mubaya, haiko muzuri sana pia, kila nikihesabu stoki kuna vitu vinakosekana. Nimuongezee miezi 3 ingine, ao nimuachishe mapema?" Ni swali ya mama mumoja mwenye kenkayeri hapa Lubumbashi.

Mama, kabla ya kusema ndiyo ao hapana, tuangalie kwanza sheria inakuachia nafasi gani, juu watu wengi wanaongeaka juu ya ese, ule muda wa kumujaribu mfanyakazi, kama vile ni kitu patro anavuta vile anataka. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya 2002, inasema ese lazima iandikwe. Kama haikuandikwa, hakuna ese, kontra ni ya kudumu toka siku ya kwanza, hata kama mulipatana kwa mdomo mbele ya mashahidi kumi. Halafu kuna mwisho: kwa manuva asiye na ufundi ni mwezi 1, kwa wafanyakazi wengine ni miezi 6. Ukiandika miezi 9 sheria inaikata yenyewe, na mtu akiendelea kutumika kisha ule mwisho, njo amekwisha kukubaliwa, bila barua, bila sherehe. Kwa hiyo miezi 3 yako pamoja na 3 ya kuongeza inafika palepale kwenye ukuta, siku moja tu ikipita umekwisha kumukamata.

Sasa kuna watu wanasema, kwa nini basi usiandike miezi 6 mara moja na kumaliza mambo? Hawana ujinga. Kisha ese, kumufukuza mtu kunaomba sababu ya kweli: uwezo wake, mwenendo wake ku kazi, ao mahitaji ya kampuni yenyewe. Ukishindwa kuonyesha, tribunali ya kazi inaweza kukulipisha mpaka mishahara ya miezi 36. Kwa mwenye duka ndogo hiyo ni kufunga mlango. Lakini wakati wa ese, preavi, zile siku za kuambiana mbele ya kuachana, ni fupi sana na kila upande unaweza kutoka. Ndiyo maana patro anapenda ese ndefu, ni woga wa kesho, na woga huo uko na maana.

Upande wa mfanyakazi nao uko na maana yake. Mtu wa ese hawezi kuomba kredi, hawezi kumuahidia mwenye nyumba, na akipata kazi ingine mu mwezi wa 4 anaiogopa ama anaikimbilia, yote mawili hasara. Na zaidi ya hapo kuna mapatro wanafanyaka kama mtu wa ese ni nusu mfanyakazi, hawamuandikishe CNSS, hawamupe transporti, na hiyo si sheria, ese haiondoe haki hizo. (Kuna na wale wanamulipa mtu kwa siku, kila wiki "ya mwisho", wakifikiri wamekwepa. Akifikisha siku 22 mu miezi 2, na ukamukamata tena mbele ile miezi haijaisha, sheria inahesabu kontra ya kudumu. Hawajakwepa kitu.)

Mimi ninaona miezi 3 ya kuanza ni sawa kwa magazinie, na kuongeza kunakubalika kwa sharti moja tu, na ndiyo nataka tukae hapo: je, kuna kitu ambacho hii miezi 3 haikuweza kuonyesha, na ambacho ule muda wa kuongeza utaonyesha? Ukiweza kukitaja, ongeza. Ukishindwa kukitaja, na unaongeza tu juu moyo haujatulia, utakuja kujikuta mwisho wa mwezi wa 6 na moyo uleule.

Tuchukue mfano. Tuseme kijana ameingia tarehe 1 mwezi wa 3, ese imeandikwa mpaka 31 mwezi wa 5, kazi ni kupokea vitu, kutunza fishi za stoki na kutoa vitu kwa bono. Toka mwanzo mumeandika vile utamupima: kila bordero ya kupokea inahesabiwa kabla ya kusainiwa, na siku ya kupima munachagua artikle 20 bila kumuambia mbele, munahesabu mu depo, munalinganisha na fishi. Siku za kupima ni 3: tarehe 15 mwezi wa 3, tarehe 15 mwezi wa 4, na tarehe 20 mwezi wa 5. Ile ya mwisho haiko tarehe 31 na hiyo si bahati, unahitaji siku kama kumi za kuongea, kuandika na kusaini kabla ese haijaisha.

Mara ya kwanza artikle 7 hazilingani. Mara ya pili 4. Mara ya tatu 4 tena. Mwenye duka anaona: alianza kupanda, amekwama, si mtu wangu. Na kama mu daftari kuna namba tu, 7, 4, 4, njo ataandika barua ya kumuachisha na hakuna atakayemushangaa.

Lakini ukiwa umeandika majina ya artikle zenyewe, hadisi inabadilika. Zile 7 za kwanza zilikuwa kila pahali: misumari, rangi, tiyo, kufuli. Zile 4 za mwezi wa 4 na zile 4 za mwezi wa 5 zote ni za etajeri moja, ya umeme: balbu, prizi, kabo, disjonkteri. Unauliza ni nani anaingia hapo, unakuta wauzaji wanajichukulia wenyewe wakati kliya wamejaa, siku ya posho hasa, na bono inaandikwa kisha ao haiandikwe. Kwa hiyo kijana amekwisha kujifunza kazi yake, tundu liko mu mpangilio wa duka. Hapo ndipo ninaona watu wengi wanapoteza watu wazuri, si kwa ubaya, ni juu walihesabu makosa bila kuyaangalia yako wapi.

Sasa fanya nini? Tarehe 21 unafunga ile etajeri, ufunguo kwake peke yake, muuzaji hapate kitu bila bono. Zimebaki siku 10, hazitoshi kuona kama itashika. Hiki ndicho kitu unaweza kukitaja. Unamuongezea mwezi 1, si 3, mpaka 30 mwezi wa 6, na mu avena, ile karatasi ya kubadilisha kontra, munaandika sababu (ufunguo umebadilishwa tarehe 21, tunataka kuona matokeo yake) na kipimo (kuhesabu tarehe 14 na tarehe 28, isipite artikle 1 kwa 20). Munasaini wote wawili kabla ya tarehe 31 mwezi wa 5, kila mutu anabaki na kopi. Avena ya tarehe 3 mwezi wa 6 haina nguvu, juu tarehe 1 alikwisha kuingia ku kazi bila ese yoyote iliyoandikwa, na hata yeye akisaini kwa heshima, mbele ya inspekta wa kazi hiyo karatasi itakuletea aibu.

Delege, yule anayesemea wafanyakazi, akisikia hii atasema: kosa ni la duka, kwa nini kijana ndiye aongezewe ese? Ni pingamizi nzuri, na kusema ukweli, kama vipimo vingine vyote vimepita, mimi sitamushangaa patro anayemukubali palepale tarehe 31. Sababu ya kweli ikitokea kisha, ukiwa na fishi zako, bado unaweza kuitumia. Kinachonifanya niegemee mwezi 1 ni kwamba kutunza ufunguo mbele ya wauzaji waliomutangulia, wengine wakubwa kwake, ni kazi yenyewe ya magazinie, na hakuna aliyemuona akiifanya. Lakini nitaweka haki: kama mulipatana mushahara upande akikubaliwa, uupandishe tarehe 1 mwezi wa 6, ucheleweshaji wa duka usilipwe na yeye. Kwa manuva huu mjadala hata haupo, mwezi 1 umejaa, unampima siku ya 10 na siku ya 20, kisha unakata shauri.

Karatasi sasa. Hauhitaji biro ya watu wa resursi. Fardi moja inatosha: kontra yenye ese, karatasi ya kazi na vipimo, fishi 3 za kupima, avena kama iko, barua ya mwisho. Kwenye fishi andika kile kilichotokea, usiandike tabia. "Ni mvivu" haisaidie mtu. "Tarehe 14/3, bordero ya simenti mifuko 200, amesaini bila kuhesabu, tumekuta 194" inasaidia wote, yeye anajua arekebishe nini, wewe unajua mwezi ujao uangalie nini. Acha na mistari ya yeye kujibu, juu mara nyingi jibu ndilo linakufundisha, ile habari ya wauzaji na bono ingekuwa imeandikwa toka mwezi wa 4 kama mtu angemuuliza. Akikataa kusaini, usimulazimishe, andika "amesomewa, amekataa kusaini", tarehe, na shahidi asaini, vizuri zaidi delege kama kampuni inaye. Na fishi zisiandikwe zote 3 usiku mumoja na kalamu moja. Inspekta anaionaka mara moja.

Kuna kitu kingine mapatro wanasahau: kupima bila kumuambia mtu matokeo. Wanaandika vizuri, wanaficha mu kabati, tarehe ya mwisho wanatoa fardi nzito kama ya polisi. Kisheria inaweza kupita, lakini ese hapo haikupima kitu, ilikusanya tu ushahidi.

Tarehe 28 mwezi wa 6 unahesabu mara ya mwisho, na barua inatoka siku ileile ao kesho yake, sentensi moja ya shauri: tumekukubali toka tarehe 1 mwezi wa 7, ao kontra inaisha, na preavi yake. Ya tatu, "tunaendelea kuangalia", usiiandike. Bado iko nafasi kwa sheria mpaka mwisho wa mwezi wa 8, lakini hakuna kitu kipya kilichobaki kuona. Na barua isipotoka, tarehe 1 asubuhi akichukua ufunguo wake na kufungua depo, shauri limekwisha kukatwa bila wewe.