Shofa amefundishwa, trakta haina upinde

« Sisi tuko wakulima wadogo. Mutupatie shofa mwenye alifundishwa muzuri, inatosha. Ile chuma ya juu inakwama tu ku miembe. »

Aliyesema hayo analima mahindi upande wa barabara ya Kasenga, na hoja yake ina uzito. Trakta nyingi zinazofika Lubumbashi ni kuukuu, na upinde, ile chuma ya juu inayomkinga shofa trakta ikipinduka, ni ghali ukiwa umepimwa na kiwanda. Shofa aliyefundishwa pia hukaa mbali na ukingo wa mtaro, wala hakati kona kwa kasi kwenye mteremko. Hapo mafunzo yanaokoa kweli.

Ila tuchukue siku moja ya Desemba, trela ya mbolea imezama kwenye tope. Kwa kuwa chini kumejaa matope, msaidizi anafunga mnyororo juu, pale panaposhikia jembe. Shofa anaachia klachi. Magurudumu ya nyuma yamenaswa, hayaendi. Basi nguvu ya injini inaizungusha trakta yenyewe kwenye ekseli, na pua inapanda. Ndani ya robo tatu ya sekunde hivi imeshapita mahali pa kurudishika. Mtu akishtuka na kuupeleka mguu kwenye klachi, anakuwa ametumia muda huohuo. Ningependa kujua ni mafunzo gani yatakayomwongezea nusu sekunde. Yanaweza kumfundisha kufunga mnyororo chini, kwenye ndoano ya kuvutia, na hilo ni kubwa. Lakini likisahaulika mara moja tu, kilichobaki kati ya mgongo wake na ardhi ni chuma.

Uswidi ilidai upinde kwenye kila trakta mpya kuanzia 1959, baadaye hata kwenye za zamani, na vifo vya kupinduka vikakaribia kwisha.

Na miembe? Upo upinde wa kukunjwa. Ukiukunja, fungua mkanda. Ukitoka chini ya miti, simamisha upinde na ufunge mkanda tena. Mkanda bila upinde unakufunga kwenye kitu kitakachokuponda, na upinde bila mkanda unakuacha urushwe nje, pengine chini ya upinde wenyewe. Bomba lililochomelewa na fundi wa mtaani silikubali: halijapimwa, linaweza kukunjika siku linapohitajika.

Kardani, mhimili unaopeleka nguvu ya trakta kwenye mashine ya kupukuchua, ina hesabu ileile. Mizunguko 540 kwa dakika ni 9 kwa sekunde. Yenye unene wa sentimita 7 inavuta karibu mita 2 za kitambaa kwa sekunde. Pagne ya mama anayekusanya mahindi haimpi nafasi ya kupiga kelele. Zima injini, chomoa ufunguo, kisha zungusha kifuniko cha plastiki kwa mkono. Kikizunguka peke yake, kardani ikiwa imetulia, na kina mnyororo mdogo wa kukishikilia, ni kizima. Kikiivuta kardani, kimegandamana nayo, na mashine isiwashwe.