Mkopo wa riba tu: nafuu ndogo, deni lilelile

Anayejenga vyumba vya kupangisha kwa mkopo huangalia rejesho la mwezi kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana mkopo wa riba tu humvutia: kwa miaka mitano, tuseme, analipa riba peke yake, kisha siku ya mwisho analipa deni lote kwa mkupuo. Kwa mkopo wa kawaida, kila rejesho lina riba pamoja na kipande cha deni lenyewe, hadi deni liishe. Msimamo wangu ni kwamba kwa riba za Kenya, nafuu anayopata mwekezaji mdogo kwenye riba tu ni ndogo mno kulinganisha na hatari ya ule mkupuo.

Tuchukue ploti ya vyumba 14 Ongata Rongai na mkopo wa shilingi milioni 6 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio. Riba tu ni shilingi 70,000 kwa mwezi. Mkopo wa kawaida wa miaka 15 ni kama 79,900. Tofauti haifiki elfu kumi! Baada ya miaka mitano, aliyelipa riba tu ameshatoa 4,200,000 na bado anadaiwa milioni 6 kamili. Wa mkopo wa kawaida ametoa karibu 594,000 zaidi ya mwenzake, lakini salio lake limeshuka hadi kama 5,146,000, yaani 854,000 zimeondoka kwenye deni. Kila kipande anacholipa hupunguza riba ya mwezi unaofuata.

Uingereza, ambako wenye nyumba za kupangisha hutumia sana mikopo ya riba tu, hesabu ilikuwa nyingine riba zilipokuwa chini, kabla ya kupanda mwaka 2022. Pauni 150,000 kwa asilimia 2 na miaka 25, riba tu ilikuwa pauni 250 kwa mwezi, na rejesho la kawaida karibu 636. Hapo nafuu ilionekana. Riba ikiwa juu, sehemu kubwa ya rejesho la kawaida huwa ni riba tayari, kwa hiyo ukiacha kulipa deni lenyewe huokoi kitu cha maana.

Najua jibu la mwenye ploti: hizo elfu kumi ndizo zitakazomwokoa vyumba vikikaa bila wapangaji. Ana hoja. Kila chumba kikiwa shilingi 8,000 na kimoja kikawa wazi, kodi inayoingia ni 104,000. KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, inachukua asilimia 7.5 ya kodi yote ya wapangaji bila kukuondolea riba unayolipa benki, nayo ni 7,800. Mlinzi, taka na ukarabati, tuseme 15,000. Zinabaki 81,200, na rejesho la kawaida linapita kwa shida. Vyumba viwili vikiwa wazi zinabaki 73,800, na sasa ni riba tu inayolipika.

Lakini ploti inayoweza kulipa riba peke yake haijalipa hata shilingi moja ya nyumba. Tatizo hapo ni ukubwa wa mkopo. Akingoja aongeze akiba yake na kukopa milioni 5, rejesho la kawaida kwa masharti yaleyale ni kama 66,600. Ni chini ya zile 70,000 za riba tu, na deni linaisha.

Wengi huingia kwenye mkupuo wakitegemea kukopa tena siku ikifika. Benki haina wajibu wa kukubali. Riba ikiwa imepanda hadi asilimia 17, mkopo mpya wa milioni 6 kwa miaka 15 unataka kama 92,300 kwa mwezi, na ploti yetu haiwezi. Marekani waliishi hivyo kabla ya miaka ya 1930: mikopo ya nyumba ya miaka michache, mara nyingi riba tu, ikifanywa upya kila inapoiva. Mdororo mkuu wa uchumi ulipoanza, benki zikaacha kuifanya upya na watu wakapoteza nyumba. Shirika la serikali la HOLC, lililoundwa 1933, lilibadilisha mikopo mingi ya namna hiyo kuwa ya kulipwa kidogo kidogo kwa miaka 15.

Mahali pekee ninapoukubali mkopo wa riba tu ni wakati wa ujenzi, vyumba vikiwa bado havina mpangaji, mradi mkataba useme mwezi ambao deni lenyewe litaanza kulipwa. Kabla ya kusaini, omba jedwali la marejesho na ufuate safu ya salio hadi mstari wa mwisho. Kama salio halishuki, au rejesho la mwisho ni kubwa kuliko mengine yote, muulize ofisa wa mikopo pesa hizo zitatoka wapi, na usikubali jibu la kwamba mkopo utaongezewa muda kama halimo kwenye mkataba.