Kuotea hakupimwi kwa beki wa mwisho

Anayeanza kufuatilia mpira akiuliza maana ya kuotea, jibu analopewa karibu kila mara ni hili: mshambuliaji amempita beki wa mwisho. Mimi nasema jibu hilo tuliache. Linafanya kazi siku nyingi, lakini siku likishindwa linamwacha mgeni akiamini refa kapendelea.

Mfano mzuri tunao hapa hapa Afrika. Tarehe 11 Juni 2010, Soccer City jijini Johannesburg, Afrika Kusini ilifungua Kombe la Dunia dhidi ya Mexico. Kipindi cha kwanza Mexico walipata kona. Kipa Itumeleng Khune akatoka golini kuufuata mpira na hakuupata. Mchezaji mmoja wa Mexico akaugusa ukaelekea mlingoti wa mbali, na Carlos Vela akausukuma wavuni. Kibendera kikapanda, na refa Ravshan Irmatov wa Uzbekistan akalikataa goli. Watu wengi walishangaa, kwa sababu kulikuwa na mchezaji wa Afrika Kusini karibu kabisa na mstari wa goli. Vela alikuwa hajampita mtu wa mwisho!

Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Sheria inamtazama mpinzani wa pili kutoka mwisho, na kipa anahesabiwa kama mpinzani mwingine yeyote. Kwa kawaida kipa yuko golini, hivyo yeye ndiye wa mwisho, na beki aliye mbele yake ndiye wa pili. Hapo ndipo lile jibu la mkato linapopata nguvu zake. Siku ile Khune alikuwa ametoka, kwa hiyo yule aliyebaki mstarini akawa wa mwisho, na wa pili kutoka mwisho alikuwa mbali zaidi na goli kuliko Vela. Vela alikuwa karibu na mstari wa goli kuliko huyo wa pili, na kuliko mpira pia, pale mwenzake alipougusa. Masharti yote mawili yalitimia.

Hilo la mpira husahaulika sana. Winga akikimbia mpaka karibu na mstari wa goli kisha akaurudisha mpira nyuma kwa mwenzake, goli ni halali hata kama mbele ya mfungaji amebaki kipa peke yake, mradi mfungaji alikuwa nyuma ya mpira. Na kama yuko sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, hajaotea. Mikono haihesabiwi. Kinachopimwa ni kichwa, kiwiliwili na miguu.

Halafu kuna suala la wakati, na hapa ndipo ugomvi mwingi wa kwenye mabanda ya mpira unapozaliwa. Kinachoangaliwa ni pale mwenzake anapougusa mpira, siyo pale mshambuliaji anapoupokea. Mtu mwenye mbio anaweza kuwa sambamba na beki wakati pasi inatoka, na sekunde moja baadaye yuko peke yake na kipa. Macho yetu yanafuata mpira, kwa hiyo tunamwona akiwa peke yake tu. Ukitaka kujizoeza, mtazame mshika kibendera. Kazi yake ni kwenda sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, au na mpira ukiwa karibu zaidi na goli. Ulinganishe mshambuliaji na yeye wakati pasi inapigwa, utaona mengi ambayo kamera inayofuata mpira haikuonyeshi.

Rudi kwenye ile kona. Mpira unaotoka moja kwa moja kwenye kona hauna kuotea, kama ilivyo kwa goli kiki na mpira wa kurusha. Kama Vela angeupokea moja kwa moja kutoka kwa mpiga kona, goli lingesimama. Lakini mwenzake aliugusa katikati, na mguso huo ukaanzisha hesabu upya. Ndiyo maana naona sheria hii inastahili kufundishwa kwa kisa hiki: goli moja linabeba karibu kila kitu.

Linalobaki ni kwamba kusimama mahali pa kuotea peke yake si kosa. Mshambuliaji anaweza kusimama huko huku mwenzake aliyetokea nyuma akiuchukua mpira na kufunga, na goli likakubaliwa. Kosa linakuja akiucheza mpira, akimzuia kipa kuuona au akimbana mpinzani anayeutaka. Kwa sababu hiyo mshika kibendera mzuri hungoja kidogo kabla ya kukinyanyua, na kungoja huko kusichukuliwe kuwa ni kusita.