Yule bwana wa kanzu si shemeji yako

Kaka yangu,

Salamu kwa mama na wote hapo Busia. Baba mdogo amenipigia simu akisema hatapokea mahari yangu chini ya ng'ombe 12, na nasikia shangazi keshapeleka kitambaa cha gomesi kwa fundi. Basi wakalishe wote chini, uwasomee barua hii kwa sauti.

Yule bwana mliyemwona nami pichani simjui. Siku yangu ya mapumziko tulikuwa Deira, hapa Dubai, tukienda kupanda abra, yale maboti yanayovusha watu kwa dirhamu moja. Mwenzangu wa Mbale akaniambia niegemee Lendikruza iliyoegeshwa pale, eti picha inoge. Kuegemea tu, gari likapiga yowe mtaa mzima ukageuka. Mwenyewe akatoka dukani mbio, kanzu inapepea, mkono ameunyoosha na ufunguo ili alinyamazishe. Mwenzangu naye, badala ya kukimbia, akapiga picha. Mimi nimeachama kwa hofu, bwana ananielekezea ufunguo, na ninyi huko mkaona bibi harusi anakabidhiwa gari!

Tena wewe ndiye uliyelalamika kwamba picha zangu zinafika na ukungu. Ndiyo maana mwenzangu akakutumia hii kama dokumenti. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, mtu akiivuta karibu anaambulia ukungu. Ikipita kama dokumenti inabaki vilevile ilivyopigwa. Kwa hiyo baba mdogo amesoma hadi namba ya gari la watu, akaipeleka kwenye kundi la ukoo pamoja na hesabu ya mahari.

Sasa utapata za kawaida tu. Nitakutumia mimi na maji ya Deira, au mimi na Burj Khalifa kwa mbali. Lile jengo lina mita 828. Ukilisogelea unapiga miguu yake tu, na halina mwenyewe wa kutoka na ufunguo. Picha za nyumbani kwa tajiri usizingoje. Friji iliyojaa si yangu, wala watoto si wangu, na sheria ya hapa haitaki umpige mtu picha bila idhini yake halafu uisambaze. Hata yule bwana wa kanzu ni mtu, kwa hiyo ifuteni, na baba mdogo aitoe kwenye skrini ya simu yake.

Risiti ya pesa nitakutumia wewe peke yako. Ina namba ya kuchukulia pesa, na kundi la ukoo lina watu ambao hata mama hawajui.

Kimbia kwa fundi leo. Kama hajakata kitambaa, akirudishe. Kama ameshakata, amshonee mama, shangazi nitaongea naye mwenyewe.

Dada yako